Mwongozo kamili: kumwombea bibi harusi asubuhi ya ndoa bila kumharibia asubuhi yake

Mwaka huu nimekaa kwenye vyumba vitatu vya kuvalia maharusi, viwili Mwanga na kimoja Gungu hapa Kigoma, na mara zote tatu sala ya bibi harusi imeharibika kwa namna ileile. Aliyepewa kuomba anaanza vizuri, anashika kasi, anageuka mhubiri. Baada ya dakika kumi na tano bibi harusi analia, wanja unashuka mashavuni, mpodoaji anatazama saa, na nje dereva anapiga honi. Jioni ukimwuliza bibi harusi ameombewa nini, anakumbuka jambo moja tu: kwamba walitajwa wachawi.

Urefu ni sehemu ya kosa, lakini si kosa lote. Asubuhi ile binti ana mambo mawili kifuani, na yanalingana uzito: anatamani kwenda na anaogopa kwenda. Waombaji wengi huchukua moja na kuliacha jingine. Wapo wanaoshangilia mwanzo mwisho kana kwamba binti hatetemeki mbele yao, na wapo wanaoikemea hofu kama pepo mpaka binti anaona aibu kwa kuwa nayo. Sala inayomkaa ni ile inayobeba yote mawili bila kupunja.

Naeleza ninavyofanya mimi, nikiwa mama mkubwa niliyepewa kazi hii mara nyingi kuliko nilivyoomba. Nimechukulia ndoa ya Kikristo inayofungwa saa nne asubuhi hapa Kigoma mjini. Ya kwenu ikiwa mchana, sogeza saa. Mengine yabaki hivyohivyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi moja na kalamu. Simu isitumike kusomea sala, kwa sababu asubuhi ya harusi haipumziki kuita.
- Biblia, na kipande cha karatasi kikiwa kimewekwa kwenye Zaburi ya 121.
- Kanga mbili: moja ya kumfunika bibi harusi mabegani, nyingine ya kutandika sakafuni kama anapenda kupiga magoti.
- Tishu, pakiti nzima.
- Taa ya kuchaji. Nitaeleza kwa nini.
- Uji mwepesi au chai na kitu cha kutafuna.
- Mtu mmoja wa kusimama mlangoni. Mchague mwenye sauti ya upole na roho ngumu.

Mafuta ya upako sikuyaweka kwenye orodha. Kama kwenu ni lazima, yapakwe kabla gauni halijatoka kwenye mfuko, na mikono ifutwe. Tone moja kwenye satini nyeupe halitoki kwa maji, na ukisugua linatanuka.

## Hatua ya 1: Muulize Ijumaa jioni, akiwa peke yake

Sala ya Jumamosi hutengenezwa Ijumaa. Mtafute bibi harusi baada ya chakula cha jioni, mtoke naye uani au mwende chumba kisicho na watu, mfunge mlango. Dakika ishirini zinatosha. Mama yake asiwepo, maana mbele ya mama yake atasema yupo sawa.

Muulize maswali mawili tu, na kila moja likae hewani mpaka ajibu. La kwanza: "Kesho ikipita, unatamani nini kiwe kweli?" La pili: "Na kitu gani kinakunyima usingizi?" Pata majibu mawili kwa kila swali. Yakiwa zaidi utakuwa na orodha, na orodha haiombeki. Likiwa moja, mara nyingi ni lile la kukuridhisha wewe. La pili ndilo la kweli.

Andika kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "naogopa kujikwaa pale mbele, watu wote wananiangalia," usiandike "hofu ya umati." Hofu ina jina dogo la nyumbani, na ni kwa jina hilo utaitaja kesho.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Binti wa mdogo wangu aliolewa na mwalimu wa Kasulu. Ijumaa ile tulikaa kwenye ndoo mbili zilizogeuzwa, nyuma ya jiko. Kwenye matamanio alijibu haraka: anataka nyumba yenye mlango wake mwenyewe, na anataka yule kijana aendelee kumchekesha hata wakizeeka. Kwenye hofu alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema baba yake ana mguu mbaya, na anaogopa utamshinda njiani wakitembea kwenda mbele. Ya pili ilichukua muda zaidi. "Mama mkubwa, mimi nalala nikisikia mama anakohoa chumba cha pili. Kule Kasulu nitasikia nini?"

Hapo nilijua nina sala.

Onyo, na hili usiliruke. Hofu za namna hiyo ni za kuombea. Ipo hofu nyingine isiyoombewa: ya binti asiyetaka kuolewa na huyo mtu. Utaitambua kwa sababu swali la kwanza halina jibu. Unamwuliza anatamani nini, anakujibu wanachotamani baba, kamati au mashangazi. Haelezi kitu chochote cha mwanamume huyo, hata kicheko chake. Ukimwona hivyo, mwulize waziwazi kama anakwenda kwa hiari yake. Akisema hapana, au akilia asijibu, weka kalamu chini. Mwite mchungaji au padri usiku huohuo, maana bila ridhaa yake hakuna ndoa, si kanisani wala mbele ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Michango iliyokusanywa na ng'ombe aliyechinjwa havibadilishi hilo.

Anayedhani kuuliza hivyo ni mambo ya siku hizi asome Mwanzo 24. Mjumbe wa Ibrahimu alipokuja kumchukua Rebeka, ndugu zake walimwita kwanza wakamwuliza, "Je! Utakwenda na mtu huyu?" Akasema, "Nitakwenda." Baraka ya ndugu zake inakuja baada ya jibu hilo, mstari wa 60. Sisi tunaokimbilia kubariki tumeruka mstari wa 58.

*Imefaa kama:* una karatasi yenye mistari minne ya maneno yake, na yeye mwenyewe amepumua kwa nguvu angalau mara moja.

## Hatua ya 2: Weka sala kabla ya mekapu

Hapa ndipo nabishana na familia karibu kila mara. Wanataka bibi harusi aombewe akiwa amekamilika, shela kichwani, mpiga picha akiwa tayari. Picha inatoka nzuri kweli. Lakini binti anayeogopa kulia hasali. Anatumia nguvu zote kuyazuia machozi, na macho yake yapo kwa mpodoaji.

Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. Sala yenyewe ifanyike alfajiri, uso ukiwa mtupu, aliye na machozi alie. Baraka fupi ifanyike mlangoni akiwa amevaa. Hiyo ya pili mpiga picha aipate, inamtosha.

Kwa ndoa ya saa nne, ratiba yangu ni hii. Saa kumi na moja anaoga na kunywa uji. Saa kumi na mbili kamili tunasali. Saa kumi na mbili na robo mpodoaji anaanza. Saa tatu gauni na shela. Saa tatu na nusu baraka ya mlangoni na kuondoka.

Wageni kutoka Dar es Salaam wanaikosea hii ratiba kwa sababu moja: huku magharibi jua letu linachelewa. Saa kumi na mbili asubuhi Kigoma bado ni giza, na kwa miezi mingi jua lenyewe linachungulia karibu na saa moja. Umeme ukikatika utakuwa unasoma karatasi kwa mwanga wa simu ya mtu, na simu hiyo itaita. Ndiyo maana ya taa ya kuchaji. Kwa upande wangu giza lile nalipenda. Nyumba bado haijajaa, jogoo wanawika, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni sana.

Uji si jambo la pembeni. Nimeshuhudia bibi harusi akianguka katikati ya maombi, watu wakaanza kukemea mapepo, kumbe tangu Ijumaa mchana hajala. Wakatoliki wanaofunga kabla ya Komunyo wajue kwamba mfungo unaotakiwa ni walau saa moja kabla ya kupokea, na maji na dawa havihesabiwi. Uji wa saa kumi na moja hauvunji chochote.

*Imefaa kama:* mpodoaji amekubali ratiba Ijumaa, si Jumamosi.

## Hatua ya 3: Punguza watu chumbani

Wawe watano au sita: bibi harusi, mama yake, bibi kama yupo, matroni, dada au rafiki mmoja, na wewe. Baba anaweza kuingia, ila mwulize binti kwanza. Wengine hawawezi kuzisema hofu zao baba akiwa pale. Wengine hawataki kuombewa bila yeye.

Mtu wako wa mlangoni aanze kazi dakika tano kabla. Atakuja wa maua, atakuja anayetafuta pasi, atakuja mtoto. Wote waambiwe dakika kumi.

Mkae. Kiti cha bibi harusi kiwe cha kawaida kisicho na mikono, mama yake karibu kiasi cha kumgusa. Wewe kaa mbele yake, usisimame juu yake. Anayeombewa na mtu aliyesimama hujiona anahukumiwa, na wewe mwenyewe ukisimama sauti inapanda bila kujua.

Kuna jambo la dini za nyumbani ambalo Kigoma huwezi kulikwepa, maana nyumba nyingi zina ndugu wa Ujiji ambao ni Waislamu. Usimfukuze shangazi chumbani wala usimlazimishe chochote. Wetu nilimwuliza mapema kama angependa kusema dua yake. Alinijibu kwamba dua anayotaka kumwombea, ya kuombea baraka na kukusanywa pamoja katika kheri, kwa desturi yao husemwa ndoa ikishafungwa, ataisema ukumbini. Asubuhi alikaa pembeni ya kitanda na mwishoni akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi wote.

## Hatua ya 4: Andika sala yenye sehemu tano

Naiandika, ndiyo. Najua makanisani kwetu wapo wanaoona sala ya karatasi haina Roho. Lakini Ijumaa nilipewa siri nne na binti wa watu, na sitaki kuzitaja vibaya kwa sababu nilijiamini. Andika isizidi upande mmoja wa karatasi. Ukiisoma polepole ichukue dakika tatu hadi nne.

Sehemu ni hizi, kwa mpangilio huu:

1. Shukrani kwa kitu kinachoonekana. Usishukuru kwa uumbaji wa mbingu na nchi, utachelewa. Shukuru kwa asubuhi hii na watu hawa waliomo chumbani.
2. Matamanio mawili, kwa maneno yake.
3. Hofu mbili, kwa maneno yake. Urefu ulingane na wa matamanio. Hesabu mistari kabisa. Sehemu moja ikizidi sana, sala inaegemea upande, na binti ataisikia.
4. Ombi moja kwa kila hofu. Liwe dogo na la leo. Usimwombee asiogope, mwombee cha kushika akiwa anaogopa.
5. Baraka na Amina.

Hofu zije baada ya matamanio, na sababu yake naijua kwa kukosea. Nilipokuwa natanguliza hofu, binti alianza kulia mapema na hakusikia kilichofuata. Akisikia kwanza anachokitamani, anakuwa amepata pa kukanyaga.

Andiko tumia moja tu, ukiacha lile la baraka ya mwisho. Kwa sala hii nachagua Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Angalia mwimbaji anavyosema: hofu ni yangu, na kutumaini kupo siku hiyohiyo. Hakungoja hofu iishe kwanza.

Sasa yale ya kuacha. Usiombe watoto, hasa usiombe kwa tarehe: "mwakani tukutane hapa tukiwa na kichanga." Hujui daktari alimwambia nini, na hata kama hakuna neno, umemfungulia hesabu mbele ya watu. Usitaje mawifi na mama mkwe kama vita inayomngoja. Usitaje wachawi, madhabahu wala mikono ya giza. Binti anayetoka nyumbani asubuhi hiyo hahitaji orodha ya maadui. Na usipitishe mawaidha kwa kisingizio cha sala. "Bwana, mfundishe kuamka mapema na kumheshimu mumewe" hayo hayasemwi kwa Bwana, anasemwa yeye, na yalishasemwa kwenye kichen pati wiki iliyopita.

## Sala yenyewe, ya yule binti wa Kasulu

Hii ndiyo niliyosoma. Ichukue, toa ya kwetu, weka ya kwenu.

> Ee Mungu Baba yetu, asante kwa asubuhi hii, kabla jua halijatoka ziwani kwetu hatujaliona. Asante kwa mama aliyekaa hapa, kwa bibi yake, kwa shangazi yake, na kwa mikono yote iliyomlea mpaka akafika kwenye kiti hiki.
>
> Baba, mtoto wetu ana mambo anayoyatamani, na wewe unayajua. Anatamani nyumba yenye mlango wake, aufungue asubuhi na kuufunga usiku, na ndani yake pawe na amani. Anatamani kicheko alichokipata kwa huyu kijana kisiishe. Siku za mshahara na siku zisizo na mshahara, wakiwa vijana na wakiwa na mvi, wacheke pamoja.
>
> Baba, mtoto wetu pia anaogopa, na hatumwonei aibu. Anaogopa kwa ajili ya baba yake, kwamba mguu utamsumbua njiani kwenda mbele. Anaogopa usiku wa kwanza mbali na kwao, atakapolala asisikie sauti ya mama yake chumba cha pili.
>
> Tunaomba mguu wa baba yake upate nguvu ya hatua zile za leo tu. Ukichoka, watembee polepole, na wewe uwe katikati yao. Tunaomba usiku ule wa kwanza kule Kasulu umpe sauti nyingine ya kumtuliza, na kutukukaribisha wewe uliyekuwepo hapa na utakayekuwepo kule. Siku ya hofu yake akutumaini wewe.
>
> Bwana akubarikie, mwanangu, na kukulinda. Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili. Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nikiisoma leo naona makosa mawili, nayaacha ili uyaone. Sentensi ya kwanza imejikwaa: nilitaka ziwa, nikasahau kwamba Kigoma jua linatoka upande wa nchi kavu na kuzama ziwani. Mdogo wake alicheka, na kwa kweli kicheko kile kilitusaidia. Ungeandika tu "kabla jua halijatoka." Kosa la pili ni "na kutukukaribisha wewe," maneno ambayo hayana maana yoyote, nilikuwa nimeyaandika usiku nikiwa na usingizi, na nikayasoma yalivyo. Soma sala yako kwa sauti Ijumaa, hata kama ni chooni. Jicho husamehe kisichosomeka, ulimi hausamehi.

Aya ya mwisho ni baraka ya Hesabu 6:24-26. Pale sala inaacha kumsemesha Mungu na kumgeukia binti mwenyewe, kwa hiyo inua macho kwenye karatasi. Ijue kwa moyo.

Aya ya mguu ndiyo inayoonyesha sehemu ya nne vizuri. Sikuomba mguu upone. Ulikuwa mbaya miaka mingi, na kama ningeomba upone saa nne kamili, binti angetembea kanisani akiutazama mguu badala ya kutazama mbele. Niliomba hatua za leo, na nikaacha nafasi ya kuchoka. Baadaye, pale kanisani, walisimama katikati ya njia kidogo. Binti alimshika baba mkono wa pili, wakaendelea.

## Hatua ya 5: Kusali

Waambie wote mtakavyofanya kabla hujafumba macho: "Nitasoma sala fupi, kisha tutakaa kimya kidogo, kisha bibi atamalizia." Mtu anayejua mwisho upo wapi hutulia.

Mikono iweke mabegani au ishike mikono yake. Usimwekee kichwani. Nywele zikiwa zimeshasukwa au kuwekwa vibanio, mkono mzito unavuruga kazi ya saa mbili, na pini zinamchoma akiwa hawezi kusema. Niliwahi kumwona binti akitokwa na machozi tukadhani ameguswa, kumbe ni kibanio.

Soma taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Kwenye sehemu ya hofu, punguza sauti badala ya kuipandisha. Akianza kulia, usisimame na usiharakishe; maliza sentensi, mpe tishu, subiri pumzi mbili, endelea. Machozi apanguse kwa kugusagusa. Akisugua, macho yanavimba na mpodoaji atakuwa na kazi.

Ukimya baada ya Amina uwe wa kuhesabu polepole mpaka ishirini. Ni mrefu. Mtu atataka kuanzisha pambio, mwonyeshe kiganja.

Kisha bibi. Wetu anasali kwa Kiha, anamwita Mungu Imana, na huwa hachukui hata dakika moja. Mpe mzee neno la mwisho, wala usimtafsirie mtu. Ila kama kwenu mzee akipewa nafasi hashuki, mpe mwanzo badala ya mwisho, halafu wewe ndiye ufunge.

*Imefaa kama:* bibi harusi anafungua macho na kutazama watu, hatazami sakafu. Mara nyingi huuliza jambo la kawaida kabisa, kama viatu viko wapi. Mikono inaweza kuwa bado inatetemeka. Hilo si kushindwa; sala haikuwa ya kuzuia mikono.

*Haijafaa kama:* anaomba radhi kwa kulia. Maana yake alijiona anatazamwa. Watoe watu, kaa naye dakika mbili, usiongeze sala.

## Hatua ya 6: Baraka ya mlangoni

Saa tatu na nusu amekamilika. Gari lipo, vigelegele vimeanza, na sasa kila mtu atataka kuomba. Mwombezi wa mtaani atajitolea. Mshukuru, mwambie tumeshaomba alfajiri, imebaki ya kutokea.

Asimame kizingitini, mguu mmoja ndani. Fungua Zaburi ya 121 na usome mstari wa 8 peke yake: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele." Wote waseme Amina. Basi. Sekunde ishirini.

Nimeuchagua mstari huo kwa sababu ya neno *uingiapo*. Bibi harusi pale mlangoni anasikia kutoka tu. Nyumba nzima inamwambia anatoka. Mstari unamkumbusha kwamba kuna mlango mwingine mbele, na huu wa nyuma haufungwi kwa ufunguo.

Asipige magoti hapa. Gauni refu likikanyagwa wakati wa kuinuka linachanika kiunoni, na uzi mweupe hautapatikana dakika hiyo. Mama yake akitaka kumkumbatia, matroni ainue shela kwanza.

## Karatasi

Kitu cha mwisho ni ile karatasi, na ndicho watu wanachosahau. Ina siri zake. Mwaka mmoja niliiacha juu ya meza ya vipodozi, ndugu wa upande wa pili akaiokota, na ukumbini usiku ule nikasikia hofu ya binti ikigeuzwa utani kwenye kipaza sauti. Binti alicheka pamoja nao. Mimi ndiye niliyemwona anavyoshika kitambaa cha meza.

Tangu hapo, Amina ikiisha naikunja mara nne na kumwuliza anataka niifanye nini. Wawili waliniambia niichome, nikaichoma jikoni wakiona. Yule wa Kasulu aliichukua akaitia kwenye kiatu cha kubadilisha, chini kabisa ya sanduku.